Kutoka orodha ya medali mpaka wasifu unaosomeka: kumwandika mwanariadha kwenye kijitabu cha mashindano

Kila mara nikipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha mashindano naletewa kitu kilekile, meseji ndefu kutoka kwa meneja au kocha, mistari kumi na tano mpaka thelathini, kila mstari una mwaka, medali, mji na muda, halafu mwishoni ananiambia "tengeneza wasifu hapo". Na wengi wetu tunachofanya ni kuunganisha ile mistari kwa "pia" na "vilevile" na "aidha" mpaka inafanana na aya. Ile sio wasifu, ni orodha iliyovuliwa namba za mistari. Mtu aliyekaa jukwaani ataanza kusoma, akifika medali ya nne macho yanahamia kwenye picha.

Hapa naeleza jinsi ninavyofanya mimi, mwanzo mpaka mwisho, na ili tusibaki hewani tuchukue mtu mmoja ambaye rekodi zake ziko wazi kwa kila mtu, Faith Kipyegon, mkimbiaji wa mita 1,500. Nimemchagua kwa sababu orodha yake ni ngumu kweli, ina kila mtego unaoweza kuukuta. Ukiweza kuiandika ya kwake, ya mwanariadha mwenye medali mbili haitakusumbua.

Hii ndiyo orodha, kama vile ingekufikia kwenye simu:

- 2011 Dhahabu, nyika ya dunia (vijana), Punta Umbría
- 2011 Dhahabu, dunia chini ya miaka 18, 1500m, Lille
- 2012 Dhahabu, dunia chini ya miaka 20, 1500m, Barcelona
- 2013 Dhahabu, nyika ya dunia (vijana), Bydgoszcz
- 2014 Dhahabu, Jumuiya ya Madola, 1500m, Glasgow
- 2015 Fedha, dunia, 1500m, Beijing
- 2016 Dhahabu, Olimpiki, 1500m, Rio
- 2017 Dhahabu, dunia, 1500m, London
- 2019 Fedha, dunia, 1500m, Doha
- 2021 Dhahabu, Olimpiki, 1500m, Tokyo
- 2022 Dhahabu, dunia, 1500m, Eugene
- 2023 Rekodi ya dunia 1500m, 3:49.11, Florence
- 2023 Rekodi ya dunia 5000m, 14:05.20, Paris
- 2023 Rekodi ya dunia maili, 4:07.64, Monaco
- 2023 Dhahabu mbili, dunia, 1500m na 5000m, Budapest
- 2024 Rekodi ya dunia 1500m, 3:49.04, Paris
- 2024 Dhahabu 1500m na fedha 5000m, Olimpiki, Paris
- 2025 Maili 4:06.42, Paris
- 2025 Rekodi ya dunia 1500m, 3:48.68, Eugene
- 2025 Dhahabu 1500m na fedha 5000m, dunia, Tokyo

Hatua ya 1: uliza nafasi kabla hujaandika hata neno

Mpigie simu dizaina wa kijitabu umuulize wasifu unakaa wapi na una nafasi kiasi gani. Usikubali jibu la "nusu ukurasa", muulize herufi ngapi, maana maneno ya Kiswahili ni marefu, neno moja kama "aliyemshinda" linakula nafasi ya maneno matatu mafupi, kwa hiyo ukihesabu maneno tu utashangaa maandishi yamemwagika nje ya kisanduku. Kwenye kijitabu cha saizi ya nusu ya karatasi ya kawaida ya ofisini, nusu ukurasa wenye picha kwa kawaida hubeba maneno kama 120 hadi 140 bila kubana. Mimi naandika 130.

Halafu omba kitu cha pili, na hiki ndicho kitakuokoa: kisanduku kidogo pembeni mwa picha kwa ajili ya namba. Muda wake bora, medali kubwa, tarehe ya kuzaliwa, klabu au nchi. Ukishapata hicho kisanduku, mwili wa wasifu unapumua, kwa sababu zile medali unazoogopa kuziacha zina mahali pa kwenda. Wakati wote meneja anapolalamika "mbona hujaandika ya 2014" unamwonyesha kisanduku na mnabaki marafiki.

Na kumbuka anayesoma yuko wapi. Amekaa kwenye kiti, kelele zimejaa, mbio zinaanza baada ya dakika tano na anataka kujua kitu kimoja, kwa nini nimtazame huyu badala ya yule wa pembeni yake.

Hatua ya 2: hakiki kila mstari, na angalia hasa mambo manne

Hii ndiyo hatua wengi wanaruka na ndiyo inayoaibisha. Niliwahi kuandika "anashikilia rekodi" kwenye kijitabu kimoja kwa kunakili tu nilichotumiwa, kumbe ile rekodi ilikuwa imeshavunjwa miezi kadhaa nyuma na aliyeivunja alikuwa kwenye mbio hizohizo siku ileile, kurasa mbili mbele. Tangu siku hiyo kila mstari naupitisha kwenye maswali manne.

Swali la kwanza, bado lipo? Angalia rekodi ya mita 5,000 kwenye orodha yetu. Kipyegon aliiweka Paris tarehe 9 Juni 2023, ni kweli kabisa, lakini Septemba ya mwaka huohuo Gudaf Tsegay aliivunja kwa 14:00.21, na Julai 2025 Beatrice Chebet akashuka mpaka 13:58.06. Kwa hiyo unaruhusiwa kuandika "alivunja" na huruhusiwi kuandika "anashikilia". Herufi chache tu, ila moja ni ukweli na nyingine ni uongo. Hata ya mita 1,500 ina mtego wake, zipo tatu kwenye orodha na zote ni za kwake, ila inayosimama ni moja tu, ile ya Eugene 2025, hizo mbili nyingine amezivunja mwenyewe.

Swali la pili, ni rasmi? Mstari wa maili 4:06.42 Paris 2025 ukiuangalia haraka unaonekana ni rekodi mpya, si ni ndogo kuliko 4:07.64? Hapana. Lile lilikuwa jaribio maalum la kukimbia maili chini ya dakika 4, lenye waongozaji waliopangwa kumkinga na upepo, nje ya masharti ya mashindano ya kawaida, kwa hiyo haliingii kwenye vitabu vya rekodi. Rekodi ya maili inabaki 4:07.64 ya Monaco. Unaweza kulitaja jaribio lile kwa jina lake, jaribio, lakini usiliweke kwenye kisanduku cha muda bora bila maelezo.

Swali la tatu, ni mashindano gani hasa? Paris imejitokeza mara nne kwenye orodha na kila mara ni kitu tofauti. Tokyo imejitokeza mara mbili, mara moja ni Olimpiki na mara nyingine ni ubingwa wa dunia. Tena ile Olimpiki ya Tokyo jina lake rasmi lina 2020 wakati mbio zilikimbiwa 2021, sasa ukiandika 2020 kwenye aya na 2021 kwenye kisanduku msomaji anadhani ni medali mbili. Chagua moja uishikilie kijitabu kizima, mimi naandika mwaka mbio zilipokimbiwa. Na mji peke yake hautoshi, lazima neno "Olimpiki" au "dunia" likae karibu yake. Hapohapo angalia ngazi ya umri. Dhahabu ya 2012 ni ya chini ya miaka 20, ukiiandika "bingwa wa dunia 2012" umedanganya hata kama hukukusudia.

Swali la nne, matokeo haya ni ya mwisho? Olimpiki ya Paris 2024, mita 5,000, Kipyegon alimaliza wa pili, akaondolewa kwa kosa la kumzuia mwenzake, halafu rufaa ikasikilizwa akarudishiwa fedha yake usiku uleule. Mtu aliyepiga picha ubao wa matokeo kwa muda usio sahihi ana karatasi isiyo na jina lake. Kwa hiyo chukua matokeo kutoka kwa shirikisho au waandaaji wenyewe siku kadhaa baadaye, sio kutoka kwenye picha ya usiku wa mbio.

Ukimaliza, andika juu ya faili lako tarehe uliyohakiki. Utaihitaji.

Hatua ya 3: tafuta uzi, na uanzie kwenye pengo

Sasa panga orodha kwa miaka na usiangalie medali. Angalia mahali ambapo hamna kitu. Medali zinafanana, pengo halifanani na lingine.

Kwa Kipyegon pengo linapiga kelele: 2017 yupo, 2019 yupo, 2018 hayupo. Alikuwa ametoka kuchukua ubingwa wa dunia, halafu mwaka mzima kimya. Alijifungua binti yake Juni 2018. Sasa ukilijua hilo rudi kwenye orodha uisome upya, utaona imegawanyika yenyewe. Kabla ya pengo kuna binti anayepanda, nyika, vijana, Olimpiki. Baada ya pengo kuna fedha moja ya mita 1,500, Doha 2019, alikoshindwa na Sifan Hassan, kisha hapo dhahabu, dhahabu, dhahabu, dhahabu, dhahabu, fainali tano kubwa za mita 1,500 bila kupoteza hata moja: Olimpiki 2021, dunia 2022, dunia 2023, Olimpiki 2024, dunia 2025. Rekodi zake zote za dunia ziko upande huu wa pili. Yaani kilichoonekana kama mapumziko ndicho kiungo cha hadithi nzima, na kwenye meseji ya meneja hakikuwemo kabisa, kwa sababu orodha ya mafanikio haina mstari wa mwaka ambao mtu hakushindana.

Kwa hiyo ukiona pengo, uliza. Mpigie mwanariadha au kocha, swali liwe fupi: "mwaka fulani sioni kitu, kulikuwa na nini?" Wakati mwingine ni jeraha, wakati mwingine shule, wakati mwingine ni msiba au jambo la nyumbani. Na hapa lazima tuwe watu. Ujauzito, ugonjwa, ndoa, matatizo ya akili, hayo ni ya mwenyewe. Kwa Kipyegon amelizungumza mwenyewe hadharani mara nyingi, ndiyo maana naliandika. Kwa mwanariadha wako unamuuliza wazi, "niliandike kwenye kijitabu au nisiliandike?", akisema hapana unaliacha na unatafuta uzi mwingine. Usijaribu kulidokeza kwa kusema "baada ya kipindi kigumu", maana msomaji ataanza kubuni mwenyewe, na anachobuni mara nyingi ni kibaya zaidi.

Kama hamna pengo, angalia mabadiliko: alihama umbali, alibadilisha kocha, alianza mchezo mwingine, au kuna mpinzani anayejirudia mbele yake miaka mitatu mfululizo. Uzi mmoja unatosha. Maneno 130 hayawezi kubeba nyuzi mbili, nimejaribu.

Hatua ya 4: chagua manne, mengine yapeleke kisandukuni

Uzi ukishapatikana kuchagua kunakuwa rahisi, unabakiza tu yale yanayousogeza mbele. Kwangu mimi kwa mwanariadha mwenye orodha ndefu ni manne, nikizidisha natoa maelezo. Hapa ningechukua nyika ya 2011, Olimpiki ya 2016, kiangazi cha rekodi cha 2023 na Olimpiki ya 2024. Doha 2019 inaingia kama daraja tu.

Kwa nini nyika ya vijana ya 2011 na sio dhahabu mbili za Budapest, ambazo ni kubwa zaidi kimichezo, hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amechukua 1,500 na 5,000 kwenye ubingwa mmoja wa dunia? Kwa sababu 2011 alikimbia bila viatu, akashinda. Hilo mtu analiona. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya medali kubwa isiyo na picha na medali ndogo yenye picha, ya picha iende mwanzoni mwa aya na kubwa iende kisandukuni ambako ukubwa wake unajieleza. Najua wapo watakaobisha. Lakini mtu mwenye dakika tano anakumbuka miguu mitupu.

Hatua ya 5: geuza namba kuwa kitu kinachoonekana

Hapa ningependa tukae kidogo. Ukiandika "aliweka rekodi ya maili ya 4:07.64" mpenzi wa riadha anaruka kwa furaha na watu wengine tisa waliokaa naye hawajasikia chochote. Namba peke yake ni ukuta. Kinachosaidia ni kuigeuza kuwa umbali, kwa sababu umbali upo pale mbele yao uwanjani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Rekodi ya zamani ya maili ilikuwa 4:12.33, ya Sifan Hassan. Igeuze kuwa sekunde, 252.33. Maili ni mita 1,609. Gawanya 1,609 kwa 252.33 unapata kama mita 6.38 kwa sekunde, hiyo ndiyo kasi ya wastani ya rekodi ya zamani. Sasa tofauti ya rekodi mbili ni sekunde 4.69. Zidisha 6.38 kwa 4.69 unapata mita 29.9. Maana yake Kipyegon anapogusa mstari, rekodi ya zamani bado iko karibu mita 30 nyuma yake. Mita 30! Mtu anatazama uwanja, anapima kwa macho, anashusha pumzi. Na hujatia chumvi hata punje.

Angalia mipaka yake lakini. Hiyo ni kasi ya wastani, wakimbiaji hawakimbii kasi moja mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo andika "karibu" au "takriban" na usiandike 29.9. Na kwa tofauti ndogo sana hesabu hii haina maana. Rekodi yake ya 1,500 ya 2024 ilipunguza ile ya 2023 kwa sekunde 0.07 tu, hiyo ni chini ya nusu mita, usiipambe, iache.

Njia nyingine ni kutumia muda wa kalenda. Rekodi ya kwanza ya 2023 ilikuwa tarehe 2 Juni, ya pili tarehe 9 Juni, ya tatu tarehe 21 Julai. Hesabu siku, ni 49. "Rekodi tatu za dunia ndani ya siku 49" inaingia kichwani kuliko tarehe tatu na miji mitatu. Na kanuni ninayojiwekea, sentensi moja isibebe zaidi ya namba mbili, mwaka nao ukihesabiwa kama namba. Ukiona sentensi ina tatu ivunje, au moja ipeleke kisandukuni. Nitaivunja mwenyewe mara moja hapo chini, utaona.

Hatua ya 6: andika, na anza popote ila sio kuzaliwa

Rasimu ya kwanza ya watu wengi inatoka hivi:

"Faith Kipyegon alizaliwa tarehe 10 Januari 1994. Ni mwanariadha mahiri na mwenye kipaji cha hali ya juu. Mwaka 2011 alinyakua medali ya dhahabu, mwaka 2012 alitwaa tena dhahabu, mwaka 2014 aliibuka kidedea, mwaka 2016 aling'ara..."

Unaona tatizo, mwandishi anabadilisha vitenzi ili asirudie "alishinda", akanyakua, akatwaa, akaibuka, akang'ara, lakini tendo ni lilelile mara nne. Kubadilisha nguo hakubadilishi mtu. Na "mahiri", "mwenye kipaji", "nguli" hazimtofautishi na yeyote kwenye kijitabu, wote wamefika pale kwa sababu ni mahiri. Jaribio langu ni hili, funika jina kwa kidole usome, ukiona sentensi inaweza kuhamia kwa mwanariadha wa ukurasa wa pili bila kubadilika, ifute.

Sasa hii ndiyo ningepeleka mimi:

"Alipochukua ubingwa wa dunia wa nyika kwa vijana mwaka 2011, Faith Kipyegon alikimbia bila viatu. Miaka mitano baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500. Mwaka 2018 hutaukuta kwenye orodha ya medali zake: mwezi Juni alijifungua binti, na mwaka uliofuata akarudi akachukua fedha ya dunia huko Doha. Tangu fainali ile hajapoteza fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki wala ya dunia. Kiangazi cha 2023 alivunja rekodi tatu za dunia. Zote zilitokea ndani ya siku 49. Ile ya maili aliishusha kwa sekunde 4.69, angekuwa anashindana na rekodi ya zamani, angeiacha karibu mita 30 nyuma. Paris 2024 akawa mkimbiaji wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kushinda mita 1,500 katika Olimpiki tatu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, usimwondolee macho."

Sasa nieleze maamuzi yaliyomo humo. Sentensi ya kwanza ina mwaka, jina na picha, basi. "Miaka mitano baadaye" imechukua nafasi ya kuandika 2016, msomaji anajumlisha mwenyewe na anahisi mwendo, ambapo tarehe ingemfanya asimame. Sentensi ya 2018 ndiyo kiungo na ndiyo ndefu kuliko zote zilizotangulia, kwa makusudi, na nimetumia "akarudi akachukua" kwa sababu ile -ka- ndiyo inayofanya Kiswahili kisimulie. Orodha inasema "alifanya, alifanya, alifanya". Msimulizi anasema "alifanya, akafanya, akafanya". Badilisha hilo moja tu kwenye rasimu yako utasikia tofauti.

"Tangu fainali ile hajapoteza fainali" nimeirudia fainali mara mbili kwa hiari yangu. Ningeandika "hajashindwa" tu ningekuwa nimesema kitu ambacho sijahakiki, maana kuna mbio za mchujo na mbio nyingine za msimu. Sentensi ya aina hii, ya "hajawahi" na "tangu" na "wa kwanza", ndiyo inayohitaji kuhakikiwa mara mbili kuliko zote, na ndiyo wasomaji wenye kumbukumbu watakayokushika nayo. Ile ya Olimpiki tatu nimeipima hivi: kabla yake waliokuwa na dhahabu mbili za umbali huo ni Tatyana Kazankina, 1976 na 1980, na Sebastian Coe, 1980 na 1984, hakuna aliyekuwa na tatu. Majina hayo hayaingii kwenye wasifu, yanabaki kwenye faili langu kama ushahidi.

Na sentensi iliyovunja kanuni yangu ya namba mbili ni ya Paris, ina 2024, 1,500 na tatu. Nimeiacha kwa sababu mita 1,500 zimeshatajwa mara mbili juu, kwa msomaji sasa hivi ni jina la mbio, imeacha kuwa namba. Mpaka hapo tu ndipo ninapojiruhusu.

Ya mwisho inamrudisha msomaji uwanjani. Usimalizie na "tunamtakia kila la heri", kijitabu kizima kitakuwa kimejaa heri.

Hatua ya 7: soma kwa sauti, kisha rudisha kwa mwenyewe

Mara nyingi mtangazaji wa uwanjani anachukua kijitabu na kusoma wasifu huohuo kwenye kipaza sauti wakati wanariadha wanajipanga. Kwa hiyo soma kwa sauti. Pale unapoishiwa pumzi kata sentensi. Muda uliouandika 3:48.68 kwenye kisanduku hauna shida, lakini kwenye aya mtangazaji atababaika, asome "tatu nukta mbili" au "dakika tatu"? Kama lazima uwepo kwenye aya andika "dakika 3 na sekunde 48.68". Na kwenye kisanduku nukta mbili ni za kutenganisha dakika na sekunde, nukta moja ni ya sehemu za sekunde, usizichanganye, maana 3.48.68 na 3:48:68 zote ni makosa na zote zinapatikana kwenye vijitabu.

Kisha mtumie mwanariadha, sio meneja peke yake. Usimuulize "umeipenda?", atasema ndiyo kwa adabu. Muulize vitu vitatu: jina lako liko sahihi na kwa mpangilio unaoutaka, kuna chochote hapa hutaki watu wasome, kuna kilichobadilika tangu tarehe niliyohakiki. Ile tarehe uliyoiandika juu ya faili ndiyo unayomtajia, na ndiyo inayokwenda chini ya kisanduku kwa herufi ndogo, kwa mfano "takwimu hadi tarehe fulani". Kijitabu kikishakwenda kuchapwa mtu anaweza kuvunja rekodi wiki hiyohiyo, na hiyo tarehe ndiyo itakayokutetea.

Na kama orodha ni fupi?

Watu wananiuliza hili kuliko yote, mwanariadha ana miaka 16, ana medali moja ya shule, niandike nini? Kisilika tunajaza sifa, "nyota ya kesho", "mwenye ndoto kubwa". Usifanye hivyo. Omba muda wake wa misimu mitatu iliyopita, makocha wanao kwenye daftari. Tuseme ni mkimbiaji wa mita 800 na alikimbia 2:31, msimu uliofuata 2:24, na sasa 2:19. Fanya hesabu ileile: 800 gawanya kwa sekunde 151 ni mita 5.3 kwa sekunde, zidisha kwa tofauti ya sekunde 12, unapata karibu mita 64. Ukurasa wake unaanza hivi: "Kama angeshindana leo na yeye mwenyewe wa miaka miwili iliyopita, angefika na kumsubiri, maana yule wa zamani angekuwa bado ana mita 60 na zaidi za kukimbia." Halafu mpigie kocha umuulize nini kilibadilika kati ya 2:31 na 2:24, maana hapo kuna sekunde saba na hazikuja zenyewe.